Sifa za muteja: kukata odio bila kukata maana

Mfano ni mama anayeuza sabuni ya mawese kwenye soko la Kadutu, Bukavu. Muteja anamutumia odio: «Mama, sabuni yako inatoa madoa mbio, lakini inakausha mikono kama haujapaka mafuta.» Muuzaji akikata nusu ya mwisho na kuweka ya kwanza kwenye statu ya WhatsApp, hajaongeza hata neno moja, ila maana imeshageuka. Mwenye kufulia watu nguo kila siku atanunua, mikono itapasuka, na lawama itaenda kwa muteja mwenye sauti ile.

Kikohozi, salamu ndefu na maneno ya kurudia vinaweza kuondolewa. «Lakini», «kama» na «kidogo» vinabaki. Kama muteja alisema kwa Mashi na tangazo ni la Kiswahili, asomewe kwanza tafsiri.

Ruhusa inaombwa mbele ya kutangaza, na mahali panatajwa: statu, kibao cha duka ao redio. Aliyekubali statu hajakubali redio. Kuficha jina peke yake haitoshi, juu sokoni watu wanajuana kwa sauti. Asiyetaka kujulikana, maneno yake yaandikwe, bila kutaja mtaa wala kazi yake. Aelezwe pia kwamba statu inatoweka kiisha saa 24, lakini wengine wanaweza kuwa wameihifadhi. Na kama alipewa kipande cha sabuni bure, tangazo liseme hivyo.