Badili rangi ya nywele kwenye picha bila kuua mwanga wa nyuma

Umepiga picha Coco Beach asubuhi, jua linachomoza baharini nyuma ya mdada mwenye afro nyeusi. Nywele zimezungukwa na mstari wa dhahabu unaong'aa. Anaipenda picha, ila anataka nywele ziwe maruni. Unapaka rangi juu ya nywele, na ghafla ule mstari unageuka waridi. Hapo kila anayeiangalia anajua picha imechezewa, hata kama hawezi kusema wapi.

Sababu ni hii. Kwenye nywele nyeusi, mwanga unaoingia ndani ya unywele karibu wote humezwa na rangi yake. Unaoufikia lensi ni ule uliogonga ganda la nje na kuteleza, kwa hiyo unabaki na rangi ya jua. Ukibadili rangi ya nywele, jua halijabadilika. Huo mstari hautakiwi kuguswa.

Kwenye Photoshop kazi hii inafanywa na Blend If. Photopea, inayofunguka bure kwenye brauza, nayo inayo. Tumia kompyuta, maana utahitaji kitufe cha Alt (Option kwenye Mac).

Anza na leya ya Curves. Rangi haishiki kwenye weusi mzito, hivyo lazima nywele zipandishwe kidogo kwanza: weka nukta kwenye Input 30 uipeleke Output 55. Juu yake weka leya ya Solid Color, namba #7A1F2E, na hali yake ibadilishe kuwa Color. Leya zote mbili zipe maski ya nywele, iliyopakwa kwa brashi laini.

Sasa bofya mara mbili pembeni ya jina la leya ya Curves ili dirisha la Layer Style lifunguke. Chini kabisa utaona Blend If, na mstari wa Underlying Layer. Kishale cheupe cha kulia kiko 255. Shika Alt ukivute na kitagawanyika vipande viwili. Kipande cha kushoto kipeleke 110, cha kulia 190. Maana yake: sehemu zenye mwanga chini ya 110 zinabadilishwa kikamilifu, kuanzia hapo mabadiliko yanafifia taratibu, na zaidi ya 190 picha inabaki kama ilivyopigwa. Rudia kwenye leya ya rangi, ila mimi huko huweka 120 na 200, kwa sababu leya hiyo inaona nywele ambazo Curves imeshazipandisha.

Hizo namba ni za picha hii. Yako inaweza kutaka nyingine, na kuna dalili tatu za kukuongoza. Ukiona waridi pembezoni, kipande cha kulia kiko juu mno, kishushe. Ukiona utepe wa kahawia chafu kati ya maruni na dhahabu, rangi inaisha mapema, basi kipandishe cha kushoto. Ukiona mpaka umekatika kama kwa wembe, vipande vimekaribiana sana. Angalia haya ukiwa umeikuza picha hadi 100%, kwa sababu ikiwa ndogo kila kitu kinaonekana poa.

Kwa uhakika zaidi fungua Info (F8), weka kipimarangi juu ya mstari wa dhahabu na usome namba za R, G na B. Kisha zima leya zote mbili usome tena palepale. Zikibadilika, rangi bado inavuja.

Uzuri mwingine ni kwamba anga nyuma ya kichwa nayo inang'aa, hivyo Blend If inailinda pia na maski haihitaji kufuata kila unywele. Lakini pale ambapo nyuma kuna kitu cheusi, mfano mnazi au boti, ulinzi huo haupo. Rangi itamwagikia hapo na maski utaikata kwa mkono, taratibu. Na kama picha ilitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa, utaona vidoto vidoto kwenye ukingo. Omba faili halisi.

Mbinu hii ina mpaka wake. Inafaa kwa maruni, bluu ya giza, kahawia. Mtu akitaka blondi hali ni tofauti, kwa sababu nywele za rangi hafifu hupitisha mwanga ndani yake na ukingo hutoka na rangi yake kidogo. Hapo nakili leya ya rangi, iondolee Blend If, kisha ishushe Opacity hadi kama 15%. Ukiacha ukingo bila kuugusa kabisa, blondi itaonekana kama wigi lililobandikwa.