Gundi ya kope za bandia: Kilichomo ndani yake, namna ya kuiondoa na dalili za kuangalia

Katika saluni nyingi za Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, kope za bandia si pambo la siku ya harusi pekee tena. Wapo wanaozivaa kila mwisho wa juma, na wapo wasiozivua kwa wiki kadhaa. Kwa wavaaji hao wa kila mara, macho yanapowasha, lawama huelekezwa kwenye kope zenyewe. Aghalabu chanzo ni gundi, au namna gundi hiyo ilivyoondolewa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba jina "gundi ya kope" hutumika kwa bidhaa mbili zisizofanana hata kidogo. Moja hulainika kwa maji ya uvuguvugu na mafuta. Nyingine ni ndugu wa gundi kali inayotumiwa kuunganisha viatu na plastiki iliyovunjika. Anayetumia njia ya kuondoa ya kwanza kwa gundi ya pili huenda akang'oa kope zake za asili.

Gundi ya kope za ukanda

Kope za ukanda ni zile zilizoshonwa kwenye uzi mmoja, zinazobandikwa kwenye ngozi juu kidogo ya mstari wa kope na kuvuliwa siku hiyo hiyo. Gundi yake huwa ni majimaji mazito, meupe kama maziwa au meusi, na hushika maji yaliyomo yanapokauka. Ndiyo sababu mvaaji huambiwa asubiri nusu dakika hivi baada ya kuipaka, hadi ianze kunata, ndipo abandike.

Kinachonatisha katika gundi hiyo ni mojawapo ya vitu viwili. Cha kwanza ni lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira. Cha pili ni akrileti, aina ya plastiki iliyotengenezwa kiwandani na kuchanganywa na maji. Kwa kuwa maji hukaribisha bakteria na ukungu, huongezwa pia dawa ya kuhifadhi. Rangi nyeusi hutokana na masizi yaliyosafishwa au oksidi ya chuma.

Lateksi ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi. Mtu mwenye mzio wa protini za utomvu huo anaweza kuvimba macho ndani ya dakika chache, na mara chache akapata shida ya kupumua. Zipo ishara zinazoweza kumfahamisha mapema: midomo au mikono huwasha baada ya kupuliza maputo au kuvaa glavu za mpira, na kwa baadhi ya watu mdomo huwasha wanapokula ndizi mbivu, parachichi au papai, kwa kuwa protini za matunda hayo hufanana na za lateksi. Gundi nyingi za kubandikia nywele za bandia kichwani nazo zina lateksi. Aliyewahi kuwashwa kichwa kwa gundi ya nywele ana sababu ya kutoitumia gundi ya aina hiyo karibu na jicho.

Gundi ya kope moja moja

Kope za saluni, zinazounganishwa na kope za asili moja baada ya nyingine, hutumia gundi iitwayo sianoakrileti. Hutumika pia kwa kope za vishada, japokuwa si kwa zote. Kwenye kifurushi, jina lake huwa ni neno refu lenye herufi C-Y-A-N-O ndani yake, kwa kawaida likiwa la kwanza katika orodha ya viambato. Chupa isiyo na orodha yoyote haimpi mvaaji njia ya kujua anachobandikwa.

Sianoakrileti haikauki kwa kupoteza maji. Hufanya kinyume chake: unyevu uliomo hewani na kwenye nywele ndio unaoifanya igeuke kuwa plastiki ngumu, ndani ya sekunde chache. Wakati huo hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaoliza macho mteja anapoyafumbua mapema au yasipofumbwa vizuri. Gundi inayoshika haraka zaidi, ambayo mafundi wenye kasi huipenda, kwa kawaida huwa na aina ya sianoakrileti yenye mvuke mkali kuliko ile inayotumiwa hospitalini kufunga majeraha.

Kemikali nyingine inayotajwa ni formaldehidi. Huenda isiandikwe kwenye orodha, kwa sababu haikuongezwa na mtengenezaji bali hutokea kidogo kidogo sianoakrileti inapovunjika. Madaktari wa macho wa Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliikuta katika gundi za kope walizozipima, na wakaeleza kuwa miongoni mwa wagonjwa wao matatizo makuu yalikuwa uvimbe wa utando wa jicho na mzio wa vigubiko vya macho.

Gundi hii imekusudiwa kugusa nywele, si ngozi. Fundi mzuri huiweka umbali wa milimita moja hivi kutoka kwenye ngozi. Mteja anayehisi mchomo au kuvutwa anapopepesa macho baada ya kazi kwisha ana haki ya kudai irekebishwe hapo hapo, kwani ama gundi imegusa ngozi, ama kope mbili za asili zimegandishwa pamoja.

Kuondoa bila madhara

Kwa kope za ukanda, kinachohitajika ni muda. Mvaaji anawe mikono na kuvua lenzi za macho kama anazo. Pamba iloweshwe kwa maji ya uvuguvugu, au kwa kiondoa vipodozi chenye mafuta, kisha ikandamizwe taratibu juu ya jicho lililofumbwa kwa nusu dakika hadi dakika moja. Ukanda huvutwa kutoka kona ya nje kuelekea puani. Ukigoma, hauvutwi kwa nguvu, pamba hurudishwa. Mabaki yaliyosalia kwenye ngozi hufutwa kwa pamba, si kwa ukucha, kisha vigubiko huoshwa ili mafuta na gundi visikae kwenye mizizi ya kope. Mtu mwenye mzio wa lateksi hapaswi kufarijika kwamba gundi ilikaa kwa saa chache tu. Kwa mzio huo, dakika chache zinatosha.

Kwa sianoakrileti, maji hayasaidii. Mafuta yanaweza kuilegeza kidogo, lakini hayaiyeyushi. Saluni hutumia kiondoa gundi maalumu kilichotengenezwa kama krimu au jeli, kwa sababu kilicho chepesi kama maji hutiririka na kuingia machoni. Kope za chini hufunikwa, macho hubaki yamefumbwa, krimu hukaa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kifurushi, na kope huteleza zenyewe zinaposukumwa kwa brashi. Kazi hii ni vigumu mtu kujifanyia mwenyewe, kwa kuwa hawezi kufumba macho yote mawili na kuona anachofanya. Asetoni, inayotumika kuondoa rangi ya kucha, huyeyusha gundi hiyo kweli, lakini ikigusa jicho huunguza uso wake. Haipaswi kukaribishwa hapo kabisa.

Ajali moja inahitaji kuelezwa peke yake. Vichupa vya gundi hii hufanana na vya dawa ya matone ya macho, na wapo watu waliokosea na kujidondoshea gundi. Ikitokea, jicho lisafishwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu apelekwe kwa daktari wa macho. Vigubiko vikigandana, visifunguliwe kwa nguvu wala kukatwa kwa mkasi nyumbani. Kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu huwekwa juu wakati wa safari. Machozi nayo huilegeza gundi, na kwa kawaida jicho hufunguka ndani ya siku moja hadi tatu.

Mwasho au mzio?

Kwa mvaaji wa kila mara, swali lenye uzito ni hili, kwani majibu yake hutofautiana. Mwasho wa kawaida huja wakati wa kazi au muda mfupi baadaye: jicho huwa jekundu, hutoa machozi, kisha hutulia ndani ya siku moja. Hutokana na mvuke au gundi kugusa mahali pasipofaa, na huweza kupungua fundi akibadili namna ya kufanya kazi.

Mzio wa kugusana na kemikali huchelewa. Mara nyingi huanza siku moja hadi tatu baadaye. Huwasha zaidi kuliko kuuma, vigubiko vya macho yote mawili huvimba na ngozi hubambuka. Unaweza kumpata mtu aliyetumia gundi ile ile kwa miaka bila shida, kwa sababu mwili huchukua muda kujifunza kuikataa. Ukishaingia, kwa kawaida haupoi kwa kupunguza kiasi, na kila kubandika upya huuzidisha.

Chukua mfano wa mvaaji anayebandika kope za ukanda kila Ijumaa na kuzivua Jumamosi usiku, ambaye tangu miezi miwili iliyopita huamka Jumatatu na vigubiko vilivyovimba. Kuchelewa huko kunaelekeza kwenye mzio, lakini hakusemi wa nini: huenda ni gundi, kiondoa vipodozi, au wanja. Hatua ya kwanza ni kuacha vyote hadi ngozi ipone kabisa, pengine wiki mbili au zaidi. Kisha gundi peke yake hupakwa kiasi cha punje ya mtama ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na mahali hapo hutazamwa kila siku kwa siku tatu. Kiondoa vipodozi hujaribiwa baadaye, upande mwingine. Upele ukitokea mahali pa gundi, gundi hiyo inaachwa. Usipotokea, jambo halijathibitika, kwa kuwa ngozi ya kigubiko ni nyembamba kuliko ya mkono na huweza kukataa kile ambacho mkono umekivumilia. Jaribio hili halifai kwa mtu ambaye huvimba ndani ya dakika chache au aliyewahi kubanwa pumzi. Huyo apimwe hospitalini. Na kwa anayewashwa tena kila anapozirudia kope, daktari wa ngozi anaweza kupima kemikali moja moja kwa vibandiko mgongoni.

Kubadili chapa bila kusoma orodha hakusaidii, kwani chapa mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa na kiambato kile kile. Anayekataliwa na lateksi anaweza kutafuta ya akrileti. Anayekataliwa na sianoakrileti hana mbadala rahisi kwa kope za saluni, kwa sababu karibu gundi zote za kazi hiyo zimetokana nayo, hata zile zinazouzwa kwa jina la "macho mepesi kudhurika".

Zipo dalili ambazo hazisubiri jaribio lolote. Maumivu makali, kushindwa kutazama mwanga, ukungu katika kuona, usaha, au hisia ya mchanga jichoni inayodumu zaidi ya siku moja huashiria kuwa huenda uso wa jicho umejeruhiwa au umeambukizwa. Hapo mtu huenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, akiwa amebeba kichupa cha gundi iliyotumika.