Kwa nini kobalti inalipishwa zaidi ya shaba?

Huko Fungurume, katika wilaya ya Lubudi, shaba na kobalti vinatoka katika shimo moja, lakini ushuru wake si sawa. Kwa sheria ya madini ya 2018, shaba ya dola 100 inalipiwa dola 3.5. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwisho wa mwaka ule, ikapanda mpaka dola 10.

Jambo hilo linafanana na kanuni aliyoiandika Mwingereza Frank Ramsey mwaka 1927: ushuru uwe mzito pale mnunuzi haachi kununua hata bei ikipanda, maana pale biashara haipungui sana. Shaba inapatikana pia Chile, Peru na Zambia. Lakini zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Mnunuzi atakwenda wapi?

Ila muda ukipita, njia inapatikana: leo magari mengi ya umeme yanatumia betri za chuma na fosfati, bila kobalti.

Tena kanuni hii haiangalii maskini. Mama wa Lubudi haachi chumvi hata ikipanda. Kwa hesabu ya Ramsey, chumvi ndiyo ingelipishwa sana, na mzigo ungemwangukia yeye.