Hati ya ubia: Yanayofaa kuandikwa kabla marafiki wawili hawajafungua karakana

MARAFIKI wawili wanapoungana kuanzisha biashara, sheria ya Kenya huwahesabu kuwa wabia hata kama hawajaandika lolote. Wasipoelewana wenyewe kuhusu namna ya kugawana, Sheria ya Ubia ya mwaka wa 2012 huwagawia: faida sawa kwa sawa, hasara sawa kwa sawa, na hakuna mbia anayedai mshahara kwa kazi aliyoifanya katika biashara yao. Kanuni hiyo huwafaa wachache mno.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya kuchomea vyuma mjini Nakuru, inayotengeneza milango, madirisha na mageti. Mbia mmoja ni mwalimu mwenye akiba ya Sh300,000, na hawezi kuwa karakanani ila Jumamosi. Mwenzake ni fundi asiye na fedha, lakini ana mashine ya kuchomelea, grainda na drili, na ndiye atakayeshinda hapo kutwa.

Ugomvi wa kwanza hujificha katika mtaji. Fundi anasema vifaa vyake vilimgharimu Sh150,000. Hiyo ni bei aliyonunulia vikiwa vipya, ilhali kinachohesabiwa ni bei ambayo vingeuzwa siku ya kutia sahihi. Wabia hawa waliuliza kwa wauzaji wawili wa vifaa vilivyotumika, wakakubaliana Sh100,000. Mtaji wote basi ni Sh400,000, na hati inaorodhesha kila kifaa pamoja na nambari yake na thamani yake.

Hapo pia pana swali ambalo wengi hulisahau: je, mashine imetolewa iwe mali ya biashara, au imeazimwa tu? Ikiwa imetolewa, fundi hawezi kuibeba begani siku watakapokosana. Haki yake ni ile Sh100,000 iliyoandikwa. Ikiwa imeazimwa, si mtaji kamwe, na hati itaje kodi yake ya kila mwezi na nani atakayegharamia ikiharibika. Hati nyingi zilizoandikwa kwa pupa hunyamaza kuhusu jambo hili.

Kuhusu majukumu, haitoshi kuandika kwamba "wote watashirikiana". Fundi ndiye anayepima kazi, kutoa bei na kusimamia vibarua. Mwalimu anatunza daftari, na kila Jumamosi analilinganisha na taarifa ya benki. Hati yao inasema hakuna atakayekopa kwa jina la biashara, wala kununua vyuma vya zaidi ya Sh30,000, bila idhini ya mwenzake kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi hati iseme hivyo.

Akaunti ya benki inahitaji sahihi mbili. Nambari ya tili ya M-Pesa nayo isajiliwe kwa jina la biashara, na fedha zake ziingie katika akaunti hiyo. Wateja wakilipa kwa simu ya fundi, hata awe mwaminifu kiasi gani, baada ya miezi mitatu hakuna atakayeweza kutenga fedha zake na za karakana.

Tahadhari nyingine ni arubuni. Mteja wa geti la Sh60,000 hulipa nusu kabla ya kazi kuanza. Hiyo Sh30,000 si mapato bado. Ni deni la karakana kwa mteja hadi geti litakapofungwa ukutani. Wabia wanaogawana arubuni huonekana wana faida mwezi huu, na mwezi ujao hawana fedha za kununulia vyuma. Dalili yake ni rahisi kuiona: kazi ya mteja wa leo inanunuliwa vifaa kwa fedha za mteja wa kesho.

Sasa tuje kwenye faida. Tuseme kazi zilizokamilika mwezi mmoja zimeleta Sh180,000. Vyuma, kodi ya nyumba, stima na vibarua vimekula Sh120,000. Zimebaki Sh60,000. Bila hati, kila mmoja angechukua Sh30,000, na fundi aliyeungua macho mwezi mzima angepata sawa na aliyefika Jumamosi nne. Wakigawana kwa mtaji pekee, mwalimu angechukua robo tatu, jambo ambalo fundi hawezi kulivumilia kwa muda mrefu.

Njia ninayoipendelea ni kutenganisha malipo ya kazi na malipo ya mtaji. Fundi kwanza anapewa Sh20,000 kwa kazi yake. Katika Sh40,000 zinazosalia, robo, yaani Sh10,000, inabaki katika biashara. Sh30,000 zinagawanywa sitini kwa arubaini: mwalimu Sh18,000, fundi Sh12,000. Kwa jumla fundi amepata Sh32,000. Hati iseme pia kwamba mwezi usio na fedha za kutosha, malipo ya fundi yanapunguzwa au yanangoja, na kwamba hasara itagawanywa kwa viwango hivyo hivyo vya sitini kwa arubaini.

Hata hivyo, mgao huo unawafunga wao wawili tu. Muuzaji wa vyuma anayewadai Sh70,000 haulizi nani ana asilimia ngapi. Aweza kumfuata mwalimu peke yake kwa deni lote. Mwalimu akishalipa, ndipo hati humsaidia kumdai mwenzake sehemu yake.

Kifungu cha kujiondoa ndicho kigumu zaidi, na ndicho kinachofaa kuandikwa wakati wote wawili bado wanacheka. Hati yao inataka notisi ya miezi mitatu kwa maandishi, na inampa anayebaki nafasi ya kwanza ya kununua sehemu ya anayeondoka. Bei haitokani na ubishi siku hiyo, bali na hesabu iliyokubaliwa mapema.

Tuseme mwalimu anaondoka baada ya miaka miwili. Vifaa vina thamani ya Sh220,000, vyuma vilivyo stoo Sh60,000, na benki kuna Sh250,000. Wateja wanadaiwa Sh90,000, lakini Sh30,000 kati ya hizo zina zaidi ya miezi sita. Hati inasema deni la umri huo halihesabiwi. Jumla ni Sh590,000. Toa Sh70,000 za muuzaji wa vyuma na Sh40,000 za arubuni, zinabaki Sh480,000.

Kila mmoja kwanza anarudishiwa mtaji wake, Sh400,000 kwa jumla. Sh80,000 za ziada zinagawanywa sitini kwa arubaini. Mwalimu anastahili Sh300,000 na Sh48,000, yaani Sh348,000. Akizidai zote siku moja, karakana inafungwa. Kwa hivyo hati inaruhusu alipwe Sh100,000 mara moja, na Sh248,000 zilizobaki kwa miezi minane, Sh31,000 kila mwezi. Katika biashara inayobakiwa na Sh60,000 kwa mwezi, hilo linawezekana, ingawa kwa kubana mkanda.

Wengine huongeza kifungu cha kumzuia anayeondoka kufungua biashara kama hiyo. Kiwe cha eneo dogo na muda mfupi, kwani mahakama yaweza kukibatilisha kikimnyima mtu riziki yake bila sababu ya maana. Kifo nacho kitajwe: familia ya marehemu ilipwe kwa hesabu ile ile, bila kurithi kiti cha usimamizi.

Nakala ziwe mbili, kila ukurasa utiwe sahihi na wote wawili, na wakili azishuhudie. Mbia anapoondoka, badiliko hilo lipelekwe kwa Msajili kupitia eCitizen, na wauzaji wote waliozoea kuikopesha karakana waarifiwe kwa barua. Asiyewaarifu aweza kuendelea kudaiwa madeni mapya ya karakana ambayo si yake tena.