Trakea Kwanza, Weupe Baadaye: Mpangilio wa Kusoma Eksirei ya Kifua katika Mtihani wa Mdomo

Watahiniwa wengi huikariri orodha ya eksirei kama dua: jina, tarehe, alama ya upande, mkao wa mgonjwa, pumzi, kisha mapafu, moyo na mifupa. Nashikilia kwamba orodha hiyo ina maana pale tu mtahiniwa anapojua kila hatua inaipa ijayo haki gani ya kuaminiwa.

Chukua picha ambayo watahini huipenda. Mwanamume wa miaka 58, mvutaji sigara, amekohoa wiki sita na sasa anahema. Upande wote wa kushoto ni mweupe. Mtahiniwa anajibu upesi: "Maji kifuani." Mtahini anamuuliza amejuaje, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu weupe peke yake hausemi lolote. Maji mengi huonekana meupe, pafu lililonywea huonekana jeupe, hata nimonia iliyojaza pafu zima.

Kinachotenganisha ni trakea. Maji mengi huisukuma upande wa pili. Pafu lililonywea huivuta kwake. Lakini trakea iko mbele ya uti wa mgongo, hivyo mgonjwa aliyesimama akiwa amegeuka kidogo ataonekana kana kwamba trakea yake imehama. Ndiyo sababu hutazamwa kwanza ncha za ndani za mitulinga: zikiwa umbali sawa kutoka kwenye miiba ya pingili, trakea inaweza kuaminika. (Kuinama kidogo kulia kwenye tao la aota ni kawaida, nimeona watu wakijenga ugonjwa juu yake.)

Kwa mgonjwa wetu mitulinga imekaa sawa. Trakea imevutwa kushoto, ukingo wa kulia wa moyo umefichwa na uti wa mgongo, mbavu za kushoto zimebanana, na pafu la kulia limetanuka hadi kuvuka mstari wa kati. Pafu la kushoto limenywea. Kwa umri wake na sigara, cha kwanza kushukiwa ni saratani iliyoziba bronkasi kuu ya kushoto, na hatua zifuatazo ni CT-skani na bronkoskopi. Aliyesema "maji" angemtoboa kifua bure, tena moyo ukiwa umesogea kuelekea sindano.

Kabla ya kufunga jibu, rudi kwenye mifupa. Ubavu wa tano ukikosekana, au vibanio vya chuma vikionekana karibu na bronkasi, huenda pafu lilikwisha kuondolewa kwa upasuaji, na kovu mgongoni litathibitisha.

Picha ngumu zaidi ni ile ya upande mweupe wenye trakea iliyobaki katikati. Huenda ni nimonia ya pafu zima. Huenda pia ni maji na kunywea kwa pamoja, kimoja kikisukuma na kingine kikivuta. Eksirei haiwezi kuamua hilo. Mtahiniwa aseme hivyo waziwazi, kisha aombe ultrasaundi.