Fremu 28: asili ya picha zinazofunika hotuba

Waziri anahutubia katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Anaanza sentensi, kisha uso wake unatoweka na tunaonyeshwa ukumbi: mzee anajipepea kwa karatasi, binti anaandika, sauti ya waziri ikiendelea bila kukatika. Baada ya sekunde nne hivi anarudi. Mara nyingi, katika sekunde hizo nne, maneno yamekatwa. Huenda ni sentensi moja, huenda ni robo saa nzima. Picha hizo za ukumbini ndizo watu wa vyumba vya habari wanaziita biroli, na zilianza kutumika hivyo kwa sababu ya kasoro ya mtambo iliyodumu kwa sekunde moja na kidogo.

Katika miaka ya 1960 habari za televisheni zilipigwa kwa filamu ya milimita 16, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, sauti ilirekodiwa kwenye filamu ile ile, juu ya utepe mwembamba wa sumaku uliopita pembeni mwa picha. Tatizo ni kwamba picha na sauti hazitaki mwendo mmoja. Ili picha ionekane, filamu lazima isimame mbele ya lenzi mara 24 kwa sekunde. Ili sauti isikike vizuri, filamu lazima ipite kwa mwendo laini usiosimama. Kwa hiyo kichwa cha kusomea sauti kiliwekwa mbele kidogo ya dirisha la picha, mahali ambapo mwendo umekwisha kutulia. Umbali wenyewe ulikuwa fremu 28, yaani kidogo zaidi ya sekunde moja.

Maadamu filamu haijakatwa, hakuna anayegundua. Lakini chukua mkasi. Mhariri anataka sentensi ya kwanza ya mbunge, kisha anaruka hadi sentensi ya tisa. Anatafuta mahali sauti ya sentensi ya tisa inapoanzia, anakata hapo na kuunga. Filamu inapochezwa, kiungo kinafika kwanza kwenye dirisha la picha. Uso mpya unatokea, huku kichwa cha sauti bado kinasoma mwisho wa kipande cha zamani. Kwa fremu 28 mtazamaji anamwona mbunge akitamka mwisho wa sentensi ya nane, ambayo haisikiki, wakati sikio linapokea mwisho wa sentensi ya kwanza. Midomo inacheza peke yake. Kisha kiungo kinafika kwenye sauti, na mambo yanalingana tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dawa ilikuwa rili ya pili. Rili A ilibeba mzungumzaji na sauti yake, na rili B ilibeba picha zisizo na sauti pamoja na filamu nyeusi iliyojaza mapengo, ili rili zote mbili ziwe na urefu sawa. Zilipachikwa kwenye projekta mbili na kuwashwa kwa pamoja, taarifa ikiwa hewani. Kiungo kilipokaribia, fundi alibadilisha picha kwenda projekta ya pili, sauti ya A ikaendelea, na midomo iliyopotea ikapita bila mtu kuiona. Akichelewa kidogo, kasoro yote ilikuwa hadharani nchi nzima. Kufunika sekunde ile moja tu kungeonekana kama ajali, kwa hiyo picha ya B iliachwa ikae sekunde tatu, nne au tano.

Mzigo mkubwa ulimwangukia mpiga picha. Rili ya futi 400 ilidumu kama dakika 11, na mara nyingi kamera ilikuwa moja. Kila alipoigeuza kuelekea hadhira, alikuwa anaacha kurekodi maneno ya jukwaani. Ilimbidi asikilize hotuba akibashiri ni sehemu gani haitatumika, na katika sehemu hiyo akimbize lenzi ukumbini. Ndiyo maana nasema uhariri wa hotuba ulianzia kwenye masikio ya mtu aliyebeba kamera, kabla filamu haijafika mezani.

Hatari ya kuunga maneno ilidhihirika mwaka 1971. Tarehe 23 Februari, shirika la Marekani la CBS lilirusha makala ya The Selling of the Pentagon, kuhusu fedha ambazo wizara ya ulinzi ilikuwa ikitumia kujitangaza kwa raia. Ndani yake mlikuwa na Kanali John MacNeil akihutubia katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Mtazamaji alisikia sentensi sita zikifuatana kama aya moja. Nakala kamili ya hotuba ilipopatikana, ilionekana kwamba sentensi hizo zilitoka kurasa mbalimbali zilizoachana sana, na mpangilio wake ulikuwa umebadilishwa. Baya zaidi, baadhi ya maneno hayakuwa ya kanali. Alikuwa akimnukuu waziri mkuu wa Laos, Souvanna Phouma, na kwa kuwa utangulizi wa nukuu uliachwa nje, yakasikika kama msimamo wake mwenyewe.

Kamati ya Baraza la Wawakilishi ilidai ikabidhiwe picha ambazo hazikutumika. Rais wa CBS, Frank Stanton, alikataa, akisema serikali haina haki ya kupekua daftari la mwandishi wa habari, hata kama daftari hilo ni la filamu. Tarehe 13 Julai wawakilishi walipiga kura, 226 kwa 181, kurudisha hoja ya kumshtaki kwenye kamati, na ikafia huko. Naamini Stanton alikuwa sahihi kukataa. Naamini pia kwamba kanali alidhulumiwa, na CBS yenyewe ilionekana kulitambua hilo, maana mwaka ule ule idara yake ya habari ilitoa kanuni mpya: vipande vya hotuba vifuatane kama vilivyotamkwa, na visipofuatana, mtazamaji aambiwe.

Miaka michache baadaye kanda za video zikaingia, na fremu 28 zikaondoka pamoja na filamu. Tanzania Bara, ambako televisheni ilianza mwaka 1994, vyumba vya habari havikuwahi kupitia kipindi cha projekta mbili. Biroli hata hivyo ilibaki, kwa sababu kasoro nyingine ilibaki. Ukikata hotuba bila kufunika, kichwa cha mzungumzaji kinaruka: alikuwa akitazama kushoto, ghafla anatazama kulia. Tofauti ni kwamba rili B ilificha udhaifu wa mtambo, na biroli ya leo inaficha uamuzi wa mhariri.

Kwa hiyo mahali pake panatafutwa kwa sikio. Mhariri makini huunga sauti kwanza, kisha hufumba macho na kusikiliza. Sauti ikipanda kama ya mtu anayetaka kuendelea, halafu sentensi mpya ikaanza chini kabisa, kiungo hicho kitasikika hata ukikifunika kwa picha nzuri kiasi gani. Na makofi yakikatwa katikati, watu wanaopiga makofi kimyakimya kwenye picha watamsuta. Sauti ikishakubali, picha iingie kabla ya kiungo, kwenye nusu ya wazo, na itoke baada ya kiungo mahali mzungumzaji anapovuta pumzi. Saa ya ukutani, viti vilivyojaa kisha vikawa vitupu, au mtu anayetazama upande usio na jukwaa, vyote hufichua kwamba picha ilipigwa wakati mwingine. Ahadi, tuhuma na kuomba radhi vibaki usoni mwa msemaji, bila kufunikwa.

Mwaka 2007 nchini Uingereza, kituo cha Five kiliamua kuacha kutumia picha za kuigiza katika habari zake, zikiwemo zile za mwandishi akitikisa kichwa kana kwamba anasikiliza, zilizopigwa baada ya mahojiano kwisha. Wahariri wengine wamechagua kuacha mruko wa kichwa uonekane, au kuweka mweko mfupi mweupe kwenye kiungo, ili mtazamaji ajue kwamba hapo kuna maneno yaliyoondolewa.