Mamlaka ya Mahakama Kusikiliza Shauri

Mamlaka ya mahakama ni uwezo iliopewa na sheria wa kupokea shauri la aina fulani, kulisikiliza na kutoa uamuzi unaowafunga wahusika. Wanasheria wengi husema "mamlaka" tu, lakini neno hilo pia hutaja taasisi, kama Mamlaka ya Mapato, kwa hiyo istilahi iliyo salama zaidi ni "mamlaka ya kusikiliza shauri". Hakimu anapotamka kwamba hana mamlaka hayo, hasemi kwamba mdai hana haki. Anachosema ni kwamba sheria haikumpa yeye kazi ya kuipima haki hiyo.

Mkoani Katavi, jambo hili huonekana wazi katika migogoro ya ardhi. Chukua mfano wa mkulima wa Sitalike, katika Halmashauri ya Nsimbo, anayedai kwamba shamba lake la ekari nane limevamiwa na mtu anayeishi Sumbawanga. Mahakama iliyo karibu naye ni Mahakama ya Mwanzo. Akifungua madai huko atarudishwa, kwa kuwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 imezizuia mahakama za mahakimu kusikiliza madai ya ardhi. Wengi hukwama hapa kwa sababu Mahakama ya Mwanzo hiyohiyo husikiliza mirathi, na katika mirathi mashamba hutajwa kila siku. Hata hivyo, kumteua msimamizi wa mirathi ni jambo moja, na kuamua kama shamba lilikuwa la marehemu au la jirani anayelidai ni jambo jingine. La pili lina vyombo vyake.

Chombo chenyewe ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkulima hahitaji kwenda Sumbawanga kumfuata mdaiwa, kwani shauri la ardhi hufunguliwa mahali ardhi ilipo. Kwa shamba la Sitalike, baraza linalohusika ni la Katavi, lililoko Mpanda. Kisha huja kipimo cha thamani. Dai la kurudishiwa ardhi halipaswi kuzidi shilingi milioni 300, na madai mengine yanayokadirika kwa fedha yasizidi milioni 200. Zaidi ya hapo, shauri ni la Mahakama Kuu. Hii ndiyo sababu hati ya madai lazima ieleze shamba liko wapi na lina thamani gani, maana bila maelezo hayo baraza halina namna ya kujua kama shauri ni lake.

Liko sharti moja zaidi, nalo huangusha mashauri mengi mazuri. Zamani Baraza la Kata liliweza kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo huo na kuliachia usuluhishi peke yake. Sasa Baraza la Wilaya haliruhusiwi kusikiliza shauri la umiliki wa ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kufanyika, mlalamikaji anaweza kuendelea bila uthibitisho huo. Mkulima wetu akikimbilia Mpanda moja kwa moja, mdaiwa ataweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotakiwa kuamuliwa kabla ya ushahidi, na litakubaliwa.

Je, mdaiwa akinyamaza, au pande zote mbili zikikubaliana waendelee tu? Haisaidii. Wahusika hawawezi kwa maafikiano yao kuipa mahakama uwezo ambao sheria haikuipa. Katika shauri la Fanuel Mantiri Ng'unda dhidi ya Herman Mantiri Ng'unda la mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza kwamba suala la mamlaka linagusa mzizi wa kesi na mahakama inapaswa kujiridhisha nalo mwanzoni kabisa. Lakini likisahaulika mwanzoni, bado laweza kuibuliwa hata kwenye rufaa, na hapo mwenendo wote hufutwa kuwa batili: mashahidi walioitwa, safari ya kukagua mipaka ya shamba, na hukumu yenyewe. Hasara hiyo humwangukia zaidi aliyeshinda, kwa hiyo mdai mwangalifu hukagua mamlaka kabla ya mpinzani wake.

Shauri lililokataliwa kwa kukosa mamlaka kwa kawaida huondolewa mahakamani, halitupwi. Tofauti hiyo ni kubwa. Lililotupwa limeamuliwa, na njia iliyobaki ni rufaa. Lililoondolewa linaweza kufunguliwa upya penye mamlaka, mradi muda wa kisheria haujakwisha, ambao kwa dai la kurejeshewa ardhi ni miaka 12. Mkulima wa Sitalike ataanza kwenye Baraza la Kata, achukue uthibitisho wake, ndipo arudi Mpanda na dai lilelile.